Mbona tahajia inabadilika? Maswali kuhusu manger, commencer, appeler na payer

Majibu haya ni ya mtu anayejifunza Kifaransa huku Kiswahili kikiwa lugha yake ya kila siku, awe Dodoma, Nairobi, Bukavu au Bujumbura. Nimeyapanga kwa namna ambayo jibu moja linaandaa linalofuata, kwa hiyo ni vizuri kuyasoma kuanzia juu.

## Je, manger na wenzake ni vitenzi visivyofuata kanuni?

Hapana. Manger ni kula, commencer ni kuanza, appeler ni kuita na payer ni kulipa. Vyote vinne ni vya kundi la kwanza, lile la vitenzi vinavyoishia na -er, na miisho yake ni ileile ya parler: -e, -es, -e, -ons, -ez, -ent. Kinachobadilika ni herufi moja au mbili mwishoni mwa mzizi, pale unapokutana na mwisho.

Kuna sababu mbili za mabadiliko hayo, na zinakwenda kinyume. Katika manger na commencer, sauti ya mzizi haibadiliki hata kidogo. Maandishi ndiyo yanayobadilika, ili msomaji asije akatamka kitu kingine. Katika appeler na payer, sauti yenyewe inabadilika mdomoni, na maandishi yanaifuata. Ukishajua kitenzi chako kiko upande upi, unajua pa kutazama: upande wa kwanza unatazama irabu inayoanza baada ya mzizi, upande wa pili unauliza kama mwisho unasikika au uko kimya.

## Kwa nini nous mangeons ina e, wakati nous parlons haina?

Kwa sababu ya herufi g. Sisi tumezoea g yenye sauti moja popote ilipo: gari, geti, giza, goti, gundi. Katika Kifaransa g ina sauti mbili, na inayoamua ni herufi inayofuata. Mbele ya a, o na u, g inasomwa kama yetu: gare, gomme, légume. Mbele ya e, i na y inasomwa kama mwanzo wa jina Jean: genou, girafe, gymnastique.

Hali hii ilianzia kwenye Kilatini. Katika Kilatini cha kale c na g zilitamkwa nyuma ya mdomo daima. Karne zilivyokwenda, watu wakaanza kuzitamka mbele zaidi zilipofuatwa na e au i, kwa kuwa irabu hizo nazo hutamkwa ulimi ukiwa mbele. Sauti ikahama lakini herufi ikabaki palepale. Ndiyo maana herufi moja leo inabeba sauti mbili.

Sasa chukua mzizi mang- na uuongezee -ons. Ukiandika mangons, Mfaransa atasoma g ngumu, kama kwenye gomme. Ili kuilinda sauti, inachomekwa e kati ya g na o. E hiyo haitamkwi kabisa. Kazi yake ni kuilainisha g. Utaikuta ikifanya kazi hiyohiyo kwenye pigeon, bourgeois, vengeance na jina Georges. Wanaosoma mangeons kwa silabi tatu, “man-ge-ons”, wanaipa e kazi isiyo yake. Silabi ni mbili tu.

## Kama ni hivyo, mbona vous mangez na nous mangions hazina e ya ziada?

Kwa sababu hapo g tayari ina jirani anayeilainisha. Katika mangez jirani ni e ya -ez, na katika mangions ni i ya -ions. Hakuna hatari, kwa hiyo hakuna ulinzi.

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Mwanafunzi anakariri kwamba “nous ina e”, kisha kwenye imparfait, wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea au la mazoea, anaandika nous mangeions. Kanuni haihusu nous. Inahusu herufi inayofuata g. Tazama imparfait yote: je mangeais, tu mangeais, il mangeait, nous mangions, vous mangiez, ils mangeaient. Miisho minne inaanza na a, kwa hiyo inadai e. Miwili inaanza na i, kwa hiyo haidai.

Passé simple, wakati uliopita unaotumika zaidi katika maandishi, inalionyesha hilo vizuri zaidi: je mangeai, tu mangeas, il mangea, nous mangeâmes, vous mangeâtes, kisha ghafla ils mangèrent. Ya mwisho imepoteza e ya ulinzi kwa sababu mwisho wake wenyewe, -èrent, unaanza na è. Anayetazama nafsi atadhani ni kitenzi chenye vurugu. Anayetazama herufi haoni vurugu yoyote.

Kanuni haikomei kwenye vitenzi. Chombo cha kulishia mifugo kinaitwa mangeoire, nacho kina e kabla ya o kwa sababu ileile.

## Si ingekuwa rahisi kuandika nous manjons?

Kwa sikio, ndiyo. J ya Kifaransa ina sauti hiyohiyo kila mahali. Lakini tahajia ya Kifaransa inathamini jambo lingine pia: maneno ya ukoo mmoja yaonekane ya ukoo mmoja. Manger, mangeur, mangeoire, mangeons: jicho linaona mang- kote. Ukiweka j mahali pamoja na g mahali pengine, ukoo unavunjika machoni hata kama sikio halikuona tofauti.

Tabia hiyo ya kulinda mzizi inafika mbali. Fatiguer ina u baada ya g ili g ibaki ngumu mbele ya e. Mbele ya o au a u hiyo haihitajiki tena, na bado inabaki: nous fatiguons, en fatiguant. Kitenzi kinauhifadhi mzizi wake wote. Kivumishi hakifungwi na sharti hilo, ndiyo maana safari yenye kuchosha ni voyage fatigant, bila u, ingawa matamshi ni yaleyale.

## Na mkia wa ç kwenye nous commençons?

Tatizo ni lile la manger, dawa ndiyo tofauti. C mbele ya e, i na y inasomwa s. Mbele ya a, o na u inasomwa k. Commencons bila mkia ingesomwa “komankon”. Mkia, unaoitwa sedila, unaiagiza c isomwe s.

Sedila ilitoka Hispania. Jina lenyewe lina maana ya “z ndogo”, na umbo lake ni mabaki ya z ya zamani iliyoandikwa kwa mkono. Wachapishaji wa Paris waliichukua katika karne ya 16, na anayetajwa zaidi ni Geoffroy Tory, aliyeanza kuitumia katika vitabu vyake miaka ya 1530. Kabla haijaenea, waandishi wengine waliponya c kwa e, kama ilivyofanywa kwa g, wakaandika il commencea. Dawa hiyo ya zamani imebaki hai katika neno douceâtre, linalomaanisha kitu chenye utamu uliopooza. Nalipenda sana neno hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba manger na commencer zilikaribia kuandikwa kwa mtindo mmoja.

Matumizi ya sedila yanakwenda hatua kwa hatua na e ya manger: je commençais lakini nous commencions, il commença lakini ils commencèrent. Sedila haiwekwi kamwe mbele ya e au i. Ukiona “merçi” kwenye ujumbe wa simu, hilo ni kosa, kwa kuwa c ya merci imeshalainishwa na i. Nje ya kundi la -er mambo ni hayohayo: recevoir inatoa je reçois na nous recevons, na risiti ni reçu.

Kwenye simu, bonyeza c bila kuachia na ç itajitokeza. Kwenye kompyuta ya Windows yenye pedi ya namba, shika Alt na uandike 0231.

## Kwa nini j'appelle ina l mbili na nous appelons ina moja?

Sasa tumevuka kwenda upande wa pili, ambako sauti inabadilika kweli. Sikiliza: j'appelle inasikika “zhapel”, yenye e iliyo wazi na nzito. Nous appelons inasikika karibu na “nu zaplon”, ambapo e ya katikati imekwisha kabisa, au imebaki kama pumzi tu.

Chanzo ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unahama neno linaporefuka: kwenye *soma* uko kwenye so, kwenye *someni* umehamia me. Katika Kifaransa mkazo huangukia silabi ya mwisho inayotamkwa. Kwenye appelle e ya mwisho iko kimya, basi mkazo unatua kwenye pel. Kwenye appelons, -ons inasikika na kuuvuta mkazo kwake, na pe inabaki bila nguvu. Kwetu irabu inayopoteza mkazo inabaki kama ilivyo. Kwao e inayopoteza mkazo inafifia hadi kumezwa.

Kwa maandishi, e inayofuatwa na konsonanti moja na irabu, kama ap-pe-lons, inasomwa ile hafifu. E inayofuatwa na konsonanti mbili zilizofanana, kama elle au belle, inasomwa wazi. L ya pili kwenye appelle, kwa hiyo, haitamkwi kama l ya pili. Ni ishara kwa irabu iliyotangulia.

Zamani tofauti ya namna hii ilienea kwenye vitenzi vingi zaidi. Kifaransa cha Enzi za Kati kilisema il aime lakini nous amons, il treuve lakini nous trouvons. Baadaye watu walisawazisha vingi: aimons ikashika, treuve ikafa. Baadhi vilibaki, kama je meurs na nous mourons, je viens na nous venons. Appeler ni mmoja wa hao waliobaki.

## Basi kanuni ni “je, tu, il, ils zinabadilika, nous na vous hazibadiliki”?

Kwa wakati uliopo, inatosha. Ukitoka hapo itakuangusha, kwa sababu kwenye futur simple, yaani wakati ujao, nafsi zote sita zina l mbili: j'appellerai, nous appellerons, vous appellerez. Ni bora ukumbuke sababu yenyewe. Tazama silabi inayofuata e ya mzizi. Ikiwa nayo ina e iliyo kimya, e ya mzizi lazima ifunguke, maana Kifaransa hakipendi e mbili hafifu zifuatane mwishoni mwa mzizi wa kitenzi. Ikiwa silabi hiyo ina irabu inayosikika, e ya mzizi inabaki hafifu.

Jaribu: appel-le, silabi inayofuata iko kimya, funguka. Appel-le-rai, silabi inayofuata ni le, iko kimya, funguka. Ap-pe-lez, inafuata é inayosikika, baki hafifu. Ap-pe-lais vilevile, na ap-pe-lé vilevile. Ndiyo maana imparfait yote na neno appelé hazina l mbili popote.

## Mbona j'achète inatumia alama badala ya tt?

Sababu ya kubadilika ni ileile ya appelle. Kilichotofautiana ni chombo. Kifaransa kina njia mbili za kuonyesha e iliyo wazi: kurudufu konsonanti au kuweka alama juu ya irabu. Appeler na jeter zilichukua njia ya kwanza: j'appelle, je jette. Acheter, geler na peler zilichukua ya pili: j'achète, je gèle, je pèle. Kwa appeler unaweza kuona asili, kwani Kilatini chake, appellare, kilikuwa na l mbili. Kwa vingi vingine mgawanyo ulitegemea tu mazoea yaliyokuja kuidhinishwa na kamusi, na mwanafunzi alilazimika kuvikariri kimoja kimoja.

Mzigo huo ulipunguzwa mwaka 1990. Baraza la juu la lugha ya Kifaransa lilipendekeza marekebisho ya tahajia, Akademia ya Kifaransa ikayaridhia, na yakachapishwa katika Journal officiel, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa, la tarehe 6 Desemba 1990. Kwa vitenzi vya -eler na -eter, yanasema: tumia è kote, isipokuwa appeler, jeter na vitenzi vilivyotokana navyo, kama rappeler na rejeter, ambavyo watu walishavizoea mno.

Mfano mzuri ni épeler, kutaja herufi za neno moja moja, kitenzi unachokutana nacho mapema mtahini anapokuomba utaje herufi za jina lako. Kamusi ya zamani inakupa j'épelle, marekebisho yanakupa j'épèle. Zote mbili ni sahihi, kwa kuwa marekebisho hayakuharamisha tahajia ya awali. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kufuata ya 1990, kwa sababu inakuachia vighairi viwili vya kukumbuka badala ya orodha ndefu. Usichanganye tu mitindo miwili ndani ya karatasi moja.

## Je paie au je paye?

Zote mbili zinakubalika, na kila moja ina matamshi yake. Je paie inasikika “pe”. Je paye inasikika “pey”, y ikiwa imesikika mwishoni.

Kuelewa kwa nini, itazame y ya katikati ya neno kama i mbili zilizobanwa pamoja. Payer ni kama pai-ier: i ya kwanza inaungana na a kutoa sauti ya e, ya pili inakuwa y ya kuvukia kwenye irabu inayofuata. Royal ni kama roi-ial, kwa mantiki hiyohiyo. Sasa ondoa irabu inayofuata. Kwenye je paie, e ya mwisho iko kimya, hivyo hakuna pa kuvukia, i ya pili inakosa kazi na moja inatosha. Kwenye nous payons, -ons inasikika, kivuko kinahitajika, y inabaki.

Wasemaji wa je paye wanakihifadhi kivuko hata pasipo na irabu inayosikika mbele, na matamshi hayo yameendelea kuheshimiwa, hivyo tahajia yake nayo imeheshimiwa. Uhuru huo unahusu vitenzi vyote vya -ayer, kama essayer na balayer, na unafika hadi futur simple: je paierai au je payerai.

## Naweza basi kuandika je nettoye?

Hapana. Kwa -oyer na -uyer hakuna hiari: je nettoie, j'essuie. Matamshi yenye y mwishoni hayakukubaliwa katika Kifaransa sanifu kwa vitenzi hivi, kwa hiyo hakuna tahajia ya kuyabeba. Envoyer inatii katika wakati uliopo, j'envoie, lakini futur simple yake ni j'enverrai, iliyofuata mfano wa je verrai ya voir. Hiyo ni ya kukariri tu.

## Kwenye nous payions, y na i zinakaaje pamoja?

Y ni ya mzizi, i ni ya mwisho -ions. Zote zinahitajika, ingawa sikio halitofautishi vizuri payons na payions. Ukisita, weka faire mahali pake. “L'an dernier, nous … le loyer chaque mois”: mwaka jana, kila mwezi, kwa faire ungesema nous faisions, kwa hiyo andika payions. “Aujourd'hui, nous …”: ungesema nous faisons, andika payons. Na baada ya il faut que, faire ingekupa fassions, ishara kwamba uko kwenye subjonctif: il faut que nous payions.

## Je, kitenzi kimoja kinaweza kubadilika kwa sababu zote mbili?

Ndiyo. Chukua protéger, kulinda. Mwishoni ina g kama ya manger, na kabla yake ina é, ambayo hufunguka kuwa è inapopata mkazo. Je protège: mwisho uko kimya, mkazo unarudi nyuma, é inakuwa è, g ina e jirani, haihitaji kitu. Nous protégeons: -ons inasikika, é inabaki é, lakini o imeikaribia g, kwa hiyo e ya ulinzi inaingia. Vous protégez: mwisho unasikika, g ina e, hakuna badiliko lolote. Ils protègent: -ent iko kimya, è inarudi.

Kwenye futur simple tahajia ya zamani ni je protégerai, yenye é, ingawa wengi hutamka è hapo, kwa kuwa silabi inayofuata ina e iliyo kimya. Marekebisho ya 1990 yaliruhusu je protègerai, ili maandishi yalingane na sikio. Rapiécer, kutia kiraka, inaenda hivyohivyo kwa sedila: je rapièce, nous rapiéçons.